Wanachama 200 kwenye karatasi, 54 ukumbini: mpango wa studio ya mazoezi Tabata

Studio tunayoichambua hapa ni ya mfano, na bei zake ni makadirio ya kufanyia hesabu. Vipimo vya ukumbi na makosa ya mpango wenyewe, hata hivyo, ni ya kawaida kabisa, na ukibadilisha bei ukaweka za kwenu hesabu itakwenda vilevile.

Ni ghorofa ya kwanza Tabata, Dar es Salaam. Kuna ukumbi wa mita 9 kwa 8, mapokezi, na vyumba viwili vya kubadilishia nguo. Kodi ni Sh milioni 1.8 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, yaani milioni 10.8 kabla hata taa haijawashwa. Mtaji wote ni milioni 60. Baiskeli 12 za mazoezi zinachukua milioni 18, tredmili mbili milioni 8, na sakafu ya mpira, vioo, dambeli na spika milioni 8. Kinachobaki baada ya kodi ni cha kurekebisha bafu, kununua feni, leseni, matangazo ya kufungulia na akiba kidogo.

Mapato yamepigwa hivi: wataingia wanachama wapya 35 kila mwezi, kwa hiyo mwezi wa 6 watakuwa 210, tuseme 200. Kila mmoja atalipa wastani wa Sh 70,000, jumla milioni 14 kwa mwezi. Gharama za kuendesha ni milioni 8, kwa hiyo faida ni milioni 6, na mtaji wote unarudi ndani ya miezi 10. Karatasi tamu. Ina matatizo matatu, na hakuna hata moja linalotokana na uvivu wa kutafuta wateja.

Ukumbi unabeba wangapi

Mpango umeandika "watu 30 kwa darasa" bila kusema darasa gani. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa futi ya kupimia na kipande cha chaki.

Mwalimu anahitaji kama mita 2 mbele ya vioo. Ukitoa hizo, kina cha ukumbi kinabaki mita 6, upana 9. Kwa darasa la nguvu, ambapo mtu anapiga hatua ndefu mbele, analala chini na kurusha chuma, kila mmoja apewe mraba wa mita 2 kwa 2. Upana wa mita 9 unatoa miraba minne (mita moja inayobaki haimtoshi mtu), na kina kinatoa safu tatu. Jibu ni watu 12. Kwa zumba na aerobiki, ambako watu wanasogea pamoja upande mmoja, mita 1.5 inatosha: sita kwa upana, safu nne, watu 24. Hakuna darasa la watu 30 katika ukumbi huu, labda la kukaa chini na kusikiliza.

Vitu vidogo navyo vinakula watu. Rafu ya dambeli yenye kina cha sentimita 60 ikisimama ukutani upande mmoja, upana unashuka hadi mita 8.4. Darasa la nguvu halidhuriki, bado ni miraba minne. Zumba ndiyo inayoumia: mita 8.4 kugawa kwa 1.5 inatoa watu watano tu kwa safu, kwa hiyo 24 wanakuwa 20. Rafu moja imeondoa watu wanne katika kila darasa la zumba, kila wiki, mwaka mzima. Ihamishieni mapokezi, watu wachukue vyuma wakiingia na wavirudishe wakitoka.

Sasa tuweke baiskeli 12. Kila moja, pamoja na nafasi ya kupanda na kushuka, inataka karibu mita za mraba 2, jumla 24. Mpango hauna chumba cha pili, kwa hiyo zitakaa ukumbini humo humo, saa zote, hata darasa likiwa la zumba. Zinafunika mita 4 za upana na kuacha mita 5. Darasa la nguvu sasa ni watu wawili kwa upana na safu tatu: watu 6. Zumba ni watatu kwa safu nne: watu 12. Milioni 18 zimenunua vifaa vinavyopunguza madarasa mengine kwa nusu.

Kuna atakayesema zina magurudumu, zitasogezwa. Baiskeli ya darasani ina uzito wa kilo 45 hadi 55. Kusogeza 12 na kuzirudisha kwa mpangilio kunakula robo saa na jasho la watu wawili, kati ya madarasa yanayopishana kwa robo saa hiyohiyo. Wiki ya kwanza zitasogezwa. Wiki ya tatu zitaachwa pale zilipo, na maungio ya sakafu ya mpira yatakuwa yameshaanza kuinuka.

Jioni ndiyo inayoamua

Ratiba ya mpango ina madarasa 22 kwa wiki, na ukizidisha kwa nafasi unaona studio kubwa. Lakini wanachama hawagawanyiki sawa. Tabata ni mahali watu wanalala, kazi ziko Posta, Kariakoo na kwingineko, na hakuna atakayeomba ruhusa kazini saa nne asubuhi aje kuruka kamba. Tuchukue kwamba mwanachama anayelipa anakuja mara 2.2 kwa wiki, na kwamba asilimia 60 ya mahudhurio yote yanaangukia jioni za Jumatatu hadi Alhamisi. Basi kila mwanachama anadai nafasi 1.32 za jioni kwa wiki. Takwimu hii moja ndiyo ya kuiweka ukutani, na ya kusahihisha kila mwezi kwa daftari lenu wenyewe.

Mpango unatoa madarasa mawili kila jioni, manane kwa wiki: matatu ya baiskeli, matatu ya zumba, mawili ya nguvu. Pamoja na baiskeli mle ndani, ni nafasi 36, 36 na 12, jumla 84. Na madarasa hayajai kwa asilimia 100. Mtu anaandika jina kwenye kundi la WhatsApp saa tano asubuhi, jioni foleni inamshika, nafasi yake inabaki tupu huku mwingine amekataliwa. Asilimia 85 ni ujazo mzuri, na hapo zinabaki nafasi 71. Gawanya kwa 1.32. Studio hii, kama ilivyochorwa, inabeba wanachama 54.

Si 200. Na ujumbe wa kuonya hautakuja kwa sura ya hesabu. Utakuja kwa sura ya mwanachama aliyefika mara mbili mfululizo akaambiwa darasa limejaa, asiseme neno, akaacha kulipa mwezi unaofuata. Kwenye daftari ataandikwa "ameacha", na mwenye studio ataamini kwamba watu wa Tabata hawapendi mazoezi.

Dawa haihitaji fedha mpya. Ondoa baiskeli na tredmili. Futa madarasa manne ya saa nne asubuhi na kuyahamishia jioni, ili kila jioni iwe na matatu: saa 11:15, saa 12:30 na saa 1:45 usiku. La kwanza litakuwa jepesi kwa idadi, ni la walio karibu na wenye shughuli zao. La 12:30 ndilo litakalojaa, na limewekwa 12:30 badala ya 12:00 kwa sababu ya foleni tu. Sasa yako madarasa 12 kwa wiki: sita ya watu 24 na sita ya watu 12, nafasi 216. Kwa ujazo wa asilimia 85 zinakuwa 184, na 184 kugawa kwa 1.32 ni wanachama 139. Hiyo ndiyo dari. Idadi ya madarasa kwa wiki ni ileile 22, na malipo ya walimu hayajaongezeka shilingi.

(Darasa la nguvu mnaweza kuliita tabata, na Tabata kwenyewe watacheka. Jina la mazoezi linatokana na mtafiti wa Kijapani, Izumi Tabata, ambaye utafiti wake wa 1996 ulihusu sekunde 20 za kujituma mpaka mwisho na 10 za kupumzika, mara nane au karibu na hapo. Zikiwa nane ni dakika nne. Anayeuza "tabata ya saa nzima" anauza kitu kingine.)

Baiskeli na tredmili zingefanya nini

Kuziondoa hakuokoi nafasi peke yake. Baiskeli ya bei ya chini, yenye gurudumu zito la kilo 6 au 8, imetengenezwa kwa mtu mmoja wa nyumbani. Darasani inapandwa na watu watatu kwa siku, wenye uzito na urefu tofauti, wanaosimama juu ya pedali. Kinacholegea kwanza ni mkono wa pedali. Ukisikia mlio wa "tak" kila mzunguko na baiskeli ikaachwa iendelee, nyuzi za chuma zinaliwa na mkono wote unabadilishwa. Jasho linatiririka hadi kwenye nguzo ya kiti na ya usukani, na kwa hewa ya pwani yenye chumvi kutu inaingia haraka. Dalili yake ni kiti kisichopanda wala kushuka, ambacho mwanachama mfupi anakivumilia mara moja na hakirudii. Kufuta kwa kitambaa kikavu baada ya kila darasa kunasaidia sana, ila lazima awepo mtu ambaye hiyo ni kazi yake kwa jina.

Tredmili mbili zinahudumia watu wawili kwa wakati mmoja katika studio ya madarasa. Zinakaa pale kwa sababu mteja mpya akichungulia anatarajia kuziona. Umeme unaposhuka na kupanda unachoma kadi ya kudhibiti mota, kwa hiyo kila moja inataka stabilaiza yake, na mkanda unataka mafuta ya silikoni kwa ratiba, la sivyo mota inavuta zaidi na LUKU inakimbia. Milioni 8 kwa pambo ni nyingi.

Kilichobaki kwenye orodha kinatosha, ila kinunuliwe kwa idadi ya darasa. Darasa la nguvu ni watu 12, kwa hiyo jozi 12 za kilo 3, jozi 12 za kilo 5 na jozi 12 za kilo 8. Hizo ni kilo 384, na kwa Sh 7,000 kwa kilo ni kama milioni 2.7. Wengi hununua jozi mbili mbili za kila uzito kuanzia kilo 1 hadi 20, rafu inapendeza, kisha darasani watu watano wanagombea jozi mbili za kilo 5 na vyuma vya kilo 20 havijawahi kuguswa. Msinunue dambeli za plastiki zilizojazwa saruji: zikidondoshwa mara kadhaa zinapasuka na kumwaga vumbi sakafuni. Na za chuma zenye vichwa vya mpira, shikeni kila kichwa kimoja mkisokote kabla ya kulipa. Kinachocheza dukani kitachomoka juu ya kichwa cha mtu.

Gharama za mwezi zinashuka sambamba. Katika ile milioni 8, laki 7 zilikuwa za kuweka akiba ya uchakavu, maana vifaa vya milioni 34 vitakavyodumu miaka minne vinakula kiasi hicho kila mwezi. Vikibaki vya milioni 8, laki 2 zinatosha. Matengenezo yanapungua kwa laki moja na nusu, umeme vivyo hivyo. Jumla inakuwa milioni 7.2, na ndani yake umo mshahara wa mwenye studio, milioni 1. Asiyejilipa hana faida, anafanya kazi bure na kuiita faida.

Bei zilizopigana zenyewe

Mpango unauza mwezi mzima bila kikomo kwa Sh 80,000, na kuingia mara moja kwa Sh 7,000. Mtu anayekuja mara 2.2 kwa wiki anakuja mara 9.5 kwa mwezi. Gawanya 80,000 kwa 9.5, ni Sh 8,400 na ushee kila mara. Anayelipa kwa siku analipa 7,000. Yaani mwanachama mwaminifu ndiye anayepigwa, na siku atakayoligundua hilo, pengine kwa kuambiwa na shoga yake, atahamia malipo ya siku. Akishahamia, kila jioni inakuwa ni siku ya kuamua upya kama anakuja.

Marekani kuna utafiti uliochapishwa 2006 ambao ulikuta wanachama wa klabu za mazoezi waliolipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walikuja wastani wa mara 4.3 tu, wakalipa zaidi ya dola 17 kila walipoingia, wakati kwa kadi ya mara 10 wangelipa dola 10 kila mara. Klabu za kule zinaweza kuishi kwa watu wasiokuja, kwa sababu fedha inakatwa yenyewe benki na kujitoa kunataka juhudi. Anayenakili bei zao kwetu anasahau sehemu hiyo. Hapa mwanachama analipa kwa mkono wake, kwa lipa namba au taslimu, kila mwezi. Asipokuja, halipi. Wasiokuja hawatulipii kodi, na ndiyo maana mahudhurio ndiyo mapato.

Bei zinazokaa pamoja ni hizi: kuingia mara moja Sh 12,000, kadi ya mara 8 Sh 60,000 inayotumika siku 35, mwezi bila kikomo Sh 85,000, miezi mitatu Sh 210,000, na kadi ya asubuhi peke yake Sh 50,000. Kadi ya asubuhi isionekane ya huruma. Kila anayeihamia anaachia nafasi za jioni, na hizo ndizo zinazokwisha. Ukichanganya makundi haya kwa uwiano wa kawaida, ambapo wengi ni wa kadi ya mara 8 na ya mwezi, wastani unatua karibu Sh 65,000 kwa mwanachama kwa mwezi, chini ya 70,000 za karatasi.

Kwa milioni 7.2 kugawa kwa 65,000, studio inahitaji wanachama 111 ili isipoteze. Dari ni 139. Basi biashara yote inaishi katika ukanda wa watu 28. Chini yake inakula mtaji, juu yake inafukuza watu mlangoni.

Tahadhari moja kuhusu malipo ya mwaka. Mpango unauza mwaka kwa Sh 600,000 wakati wa ufunguzi, na wakinunua 25 zinaingia milioni 15 kwa wiki moja. Fedha hiyo ni deni la miezi 12. Kila mwezi ni Sh 50,000 tu kwa kila mmoja zinazostahili kutumika, nyingine zikae kando. Ikitumika kununulia tredmili, mwezi wa 7 hao 25 watakuwa ndani ya darasa wakichukua nafasi za jioni na hawaleti shilingi. Sisi tungeiondoa kadi ya mwaka kabisa katika mwaka wa kwanza.

Wanaokatika

Sasa ile 35 kwa mwezi. Kosa si 35, ni kudhani kwamba aliyeingia amebaki. Kwanza tujue kupima. Hesabu waliokuwa hai tarehe 1, tuseme 110. Mwisho wa mwezi angalia wangapi kati ya hao hao 110 wamelipa tena ndani ya siku 7 baada ya muda wao kuisha. Wapya wasiingie kwenye hesabu hii. Mwenye studio aliyeanza na 110, akapata wapya 30 na kumaliza na 112, anaona ameongeza wawili. Kumbe amepoteza 28, asilimia 25. Aliyeacha kisha akarudi aandikwe "amerudi", asihesabiwe mpya.

Kanuni inayofuata ni fupi. Idadi ambayo studio itatulia juu yake ni wapya wa mwezi kugawa kwa sehemu inayokatika kwa mwezi. Wapya 35 na wanaokatika asilimia 20 kunatoa 175, na hata huko hufiki haraka: mwezi wa 6 utakuwa na 129, si 210. Lakini 35 kila mwezi ni kasi ya ufunguzi, mabango yakiwa mapya na majirani wakija kuchungulia. Ikishuka hadi 18, kama inavyotarajiwa, 18 kugawa kwa 0.20 ni 90. Studio itateremka polepole hadi 90, chini ya 111, na hakuna siku moja utakayoweza kuonyesha kwamba hapa ndipo ilipoharibika. Kwa upande mwingine, wapya 15 tu na wanaokatika asilimia 12 kunatoa 125, katikati ya ukanda. Wapya wachache zaidi, studio hai.

Asilimia hiyo haisambai sawa. Chukua kundi la Januari la watu 40. Sura ya kawaida ni kwamba Februari wanalipa 24, Machi 18, Aprili 16, Mei 15. Mwezi wa kwanza umeondoa watu 16, wa nne mmoja. Kwa hiyo punguzo la kujiunga linakwenda kwa wale wale watakaoondoka. Likihamishiwa kwenye malipo ya pili linafanya kazi iliyokusudiwa. Na tukiwapunguza wanaoondoka mwezi wa kwanza kutoka 16 hadi 10, huku miezi inayofuata ikibaki na viwango vilevile, kundi hilo moja linaleta kama malipo 131 badala ya 113 kufikia Mei. Malipo 18 ya ziada ni karibu Sh milioni 1.2, bila bango jipya.

Wanapunguzwaje? Kipimo kiko wiki mbili za mwanzo. Aliyekuja mara nne au zaidi ndani ya siku 14 ameshapata siku zake na sura anazozijua. Aliyekuja mara mbili yuko mlangoni tayari. Kila Jumatatu mapokezi atoe orodha mbili: wapya walio chini ya mara nne, na wa zamani ambao hawajaonekana siku 10. Apige mwalimu, kwa sababu ndiye anayejulikana, na asitaje fedha. "Shikamoo mama. Ni mwalimu wa zumba wa Jumanne. Hatujakuona tangu wiki ile, ni salama huko?" Kisha anyamaze asikilize. Jibu litakuwa moja kati ya machache: goti linauma, msiba, safari, darasa lilijaa, au "nimechoka sana nikifika nyumbani". Goti linatafutiwa mazoezi mbadala, msiba na safari zinasimamishiwa kadi, darasa lililojaa linashikiwa nafasi ya Alhamisi kwa jina lake. La mwisho ndilo gumu, na mara nyingi kadi ya asubuhi ndiyo jibu. Ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu wote wenye "Karibuni tena!!!" haufanyi hata kimoja kati ya hivyo.

Tarehe ya kuisha kwa kadi nayo inakata watu. Aliyejiunga tarehe 17 kadi yake inaisha tarehe 17, katikati ya mwezi, mfuko ukiwa mkavu. Atasema "nasubiri mshahara", na hizo siku 12 za kukaa nyumbani zinatosha kuvunja mazoea. Malipo ya kwanza yawe ya siku hadi tarehe 2 ya mwezi unaofuata, kwa hesabu ya siku, kisha kila mtu aendelee tarehe hiyo. Mapokezi patakuwa na msongamano wiki hiyo moja, ni bei ndogo.

Na kalenda isipuuzwe. Januari watu wanajiunga kwa wingi, na Januari hiyohiyo ada za shule zinadaiwa, kwa hiyo malipo ya Februari yanapimwa na mfuko mtupu. Mwaka 2026 Kwaresma ilianza 18 Februari na Ramadhani ikaanza siku hizo hizo, na mwandamo unairudisha Ramadhani nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, kwa hiyo 2027 itaanguka mapema zaidi Februari. Kundi la Januari linaingia kwenye mfungo kabla mazoea hayajashika. Toeni kusimamisha kadi siku 30 bila maswali, hamisheni darasa la saa 12:30 hadi saa 3:30 usiku kwa watakao kuja baada ya tarawehe, na darasa la saa 11:15 liwe la kunyoosha viungo tu. Aliyesimamishiwa kadi ana tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Aliyeachwa anyamaze hana.

Kabla ya kodi ya pili

Mpango uliorekebishwa unataka mtaji wa milioni 34 badala ya 60. Ukiwa na wanachama 125 wanaolipa 65,000, unaingiza milioni 8.1 na kubakiza kama laki 9 kwa mwezi baada ya mshahara wa mwenyewe. Mtaji unarudi baada ya miaka mitatu na kidogo. Anayetaka miezi 10 hataipata katika ukumbi huu kwa bei hizi.

Ipo pia kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akisema anataka milioni 1.8 "mkononi", pango halisi ni milioni 2, na idadi ya kutopoteza inapanda kutoka 111 hadi 114. Hilo liulizwe kabla ya kusaini, kwa sentensi moja, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Mwezi wa 5, kabla ya kulipa milioni 10.8 nyingine, chukueni wapya wa miezi miwili ya mwisho, mpate wastani, mgawe kwa sehemu inayokatika. Miezi ya ufunguzi isihesabiwe. Jibu likiwa juu ya 111 lipeni. Likiwa kati ya 95 na 111, ombeni kulipa miezi mitatu mitatu, punguzeni darasa lolote ambalo kwa wiki nne halijavusha watu wanne, kisha mpime tena. Likiwa chini ya 95 na simu za Jumatatu zilikuwa zikipigwa kweli, dambeli na spika zinauzika, na milioni 10.8 bado iko mkononi.